Jino bovu, parasetamoli na chupa iliyokwisha: kisa kimoja cha ini

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 46, uzito wake kilo 58. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akinywa nusu chupa ya pombe kali kila jioni, chupa ya mililita 750 yenye kilevi cha asilimia 40. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama gramu 118 za alkoholi halisi kwa siku. Hajawahi kulazwa kwa sababu ya ini, na macho yake hayajawahi kuwa manjano. Si mtu mmoja halisi: kisa kimejengwa kutokana na mwenendo ambao madaktari wa ini wanaujua vizuri, na vipimo vyake vimewekwa vifanane na vya wagonjwa wa aina hii.

Yote yalianza na jino. Siku ya kwanza lilimuuma upande wa chini kushoto hadi akashindwa kutafuna. Alimeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500, akarudia mara tatu hadi usiku. Hivyo ni vidonge 8, gramu 4, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa mtu mzima mwenye afya kwa siku. Jioni alikunywa nusu chupa yake kama kawaida. Chakula chake kilikuwa chai na supu.

Siku ya pili maumivu yalipanda hadi sikioni. Akawa hasubiri saa sita tena, vidonge viwili vikawa vinamezwa kila baada ya saa nne au tano, jumla 10. Kwa kuwa kichwa nacho kilimgonga, aliongeza pakiti mbili za dawa ya mafua ya unga. Hakujua kwamba kila pakiti ina miligramu 500 za parasetamoli ile ile. Siku hiyo alimeza gramu 6. Pombe ilimshinda, alionja glasi moja, akaiacha.

Siku ya tatu hakunywa pombe wala hakula chochote. Kichefuchefu kilianza asubuhi, mikono ikawa inatetemeka. Alidhani ni jino na uchovu wa pombe kwa pamoja, akaendelea: vidonge 10 na pakiti tatu za mafua, gramu 6.5. Siku ya nne asubuhi alimeza vidonge vinne kwa mikupuo miwili ya karibu, akatapika, akaacha. Siku ya tano aliletwa hospitali akilalamika maumivu chini ya mbavu za kulia, amechoka mno, na akijibu maswali kwa kuchelewa.

Kwa siku hizo amemeza gramu 18.5. Mtu akizitazama kwa pamoja ataona ni nyingi, lakini mgonjwa hakuzimeza kwa pamoja. Hakuna saa hata moja ambapo alijaza kiganja. Kila mara vilikuwa viwili tu, kama kifuniko kinavyoelekeza, ila saa kati ya mkupuo na mkupuo zilifupika na dawa ya pili ikaingia kwa jina lingine. Ndiyo maana alipoulizwa kama amezidisha dawa alijibu hapana, na alikuwa anasema kweli kama anavyoijua.

Kinachofanyika ndani ya ini

Sehemu kubwa ya parasetamoli haina shida. Ini huifunga kwa sukari au kwa salfa, figo huitoa kwenye mkojo. Kati ya asilimia 5 na 10 hupita njia nyingine, kupitia kimeng'enya kinachoitwa CYP2E1, na huko hugeuzwa kuwa kitu kikali kiitwacho NAPQI. Kitu hiki hung'ang'ania protini za seli na kuzima vinu vyake vya nishati. Kinga ya seli ni glutathioni, molekuli ndogo ambayo huishika NAPQI kabla haijagusa kitu na kuifanya isiwe na madhara. Glutathioni ikishuka hadi chini ya kama asilimia 30 ya kawaida yake, NAPQI huanza kupita bila kizuizi na seli hufa.

Mnywaji wa kila siku ameharibu pande zote mbili za mizani hii. Alkoholi huvunjwa kwa sehemu na CYP2E1 hiyo hiyo, na ini linaloona alkoholi kila siku huongeza kimeng'enya hicho, mara nyingine hata maradufu. Kwa hiyo parasetamoli ile ile itazalisha NAPQI nyingi zaidi kwake kuliko kwa jirani asiyekunywa. Wakati huo huo unywaji mzito wa muda mrefu hupunguza akiba ya glutathioni, hasa ile iliyo ndani ya vinu vya nishati vya seli. Njaa huongeza pigo la tatu: glutathioni hujengwa kutokana na asidi amino za chakula, na sukari ya kufungia parasetamoli hutoka kwenye akiba ya wanga ya ini. Mtu asiyekula siku mbili hana vya kutosha vya kimoja wala kingine, hivyo sehemu kubwa zaidi ya dawa husukumwa kwenye njia ya CYP2E1.

Kipande kinachowapotosha hata watu waliosoma ni cha wakati. Alkoholi ikiwa bado ndani ya damu, inagombea CYP2E1 na parasetamoli. Kimeng'enya kiko kingi lakini kina shughuli, na NAPQI inayotengenezwa kwa saa hizo inaweza hata kupungua. Pombe ikiisha mwilini, jambo linalochukua saa chache, kimeng'enya kilichoongezeka hakiondoki nayo. Kinabaki kingi kwa siku kadhaa, sasa hakina kazi nyingine, na parasetamoli inaingia peke yake.

Sasa rudi kwenye kisa. Siku ya kwanza alikunywa na kumeza, na pengine siku hiyo ndiyo iliyomuumiza kidogo zaidi. Siku ya pili na ya tatu, pombe ikiwa imekatika, tumbo tupu, vidonge vikiongezeka, ndizo zilizolimaliza ini lake. Na mpangilio huo si bahati mbaya yake. Mnywaji mzito huacha pombe kwa sababu anaumwa, na kwa sababu anaumwa ndipo anapomeza dawa ya maumivu na kushindwa kula. Mambo matatu huja pamoja karibu kila mara. Asubuhi ya kichwa kuuma baada ya ulevi ni toleo dogo la dirisha hilo hilo.

Asije mtu akasoma hapo kwamba afadhali aendelee kunywa ili alilinde ini. Kila jioni ya pombe ndiyo inayoongeza kimeng'enya na kula glutathioni. Kinga ya saa chache inalipwa kwa deni la siku zinazofuata.

Je, gramu 4 zingemdhuru?

Hapa wataalamu hawaimbi wimbo mmoja. Yapo majaribio ambamo wanywaji wazito walioingia kituo cha kuachia pombe walipewa gramu 4 kwa siku kwa siku mbili, na vipimo vya maini yao havikutofautiana na vya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni ushahidi wa kweli na usipuuzwe: mnywaji aliyemeza vidonge viwili jana hana sababu ya kukimbizwa hospitali. Lakini katika majaribio hayo mtu mwingine ndiye aliyehesabu vidonge, na hapakuwa na dawa ya mafua iliyojificha. Nyumbani, mwenye jino linalomuuma ndiye anayehesabu, saa nane za usiku.

Tunachoona ni kwamba unywaji mzito haugeuzi kidonge kimoja kuwa sumu. Unachofanya ni kufupisha umbali kati ya dozi ya tiba na dozi ya kuumiza. Kwa mtu asiye na hatari ya ziada, miongozo ya vituo vya sumu humtaka apimwe akiwa amemeza kama gramu 6 kwa siku kwa saa 48 au zaidi. Kwa mnywaji mzito au mtu aliyekaa na njaa, huanza kuhesabu hatari mapema zaidi, anapovuka gramu 4 kwa siku au miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito, ipi iliyo ndogo. Kilo 58 mara miligramu 100 ni gramu 5.8. Siku ya pili na ya tatu mgonjwa wetu amevuka mipaka yote.

Siku ya tano, karatasi ya maabara

AST na ALT ni vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu seli za ini zinapokufa; AST ilikuwa 9,200, ALT 6,300. Bilirubini, uchafu wa manjano ambao ini huusafisha, ilikuwa 62, juu ya kawaida lakini si ya kutisha, na ndiyo sababu macho yake yalikuwa manjano kwa mbali tu. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda ambacho kwa mtu mzima wa afya hukaa karibu na 1, ilisoma 4.1. Kreatinini 190, ishara kwamba figo nazo zimeguswa. Sukari ya damu milimoli 3.1 kwa lita. Parasetamoli kwenye damu: haikuonekana.

Makosa mawili ya kusoma karatasi hii hujirudia.

La kwanza ni kuona historia ya pombe na kuandika "homa ya ini ya pombe", basi. Namba zenyewe zinakataa. Pombe peke yake huipandisha AST kwa kiasi. Mara chache sana huvuka 300 au 400, na kwa kawaida ALT huwa chini zaidi, kama nusu ya AST au pungufu. AST ya maelfu kwa mnywaji ni swali linalotafuta jibu lingine, na jibu la kwanza kulitafuta ni parasetamoli, kisha ini lililokosa damu baada ya mshtuko, kisha virusi. Mseto wa mgonjwa wetu, yaani AST kubwa kupita kiasi, INR iliyopanda haraka na bilirubini iliyochelewa nyuma, ni sura ya sumu ya ghafla. Homa ya ini ya pombe huenda kinyume: umanjano mwingi, AST ndogo.

Kosa la pili ni kutulizwa na parasetamoli isiyoonekana. Kidonge cha mwisho kilimezwa saa 24 zilizopita. Dawa imekwisha kuondoka, uharibifu umebaki. Wengine huitoa chati ya Rumack na Matthew, ile ya mwaka 1975 inayolinganisha kiwango cha damu na saa zilizopita, wakaweka nukta na kuiona iko chini ya mstari. Chati hiyo ilitengenezwa kwa mtu aliyemeza mara moja, kwa saa inayojulikana. Kwa aliyemeza kidogo kidogo kwa siku nne haina maana yoyote. Mstari wake hauna pa kuanzia. Kinachoamua hapa ni historia ya vidonge pamoja na vipimo vya ini.

Historia hiyo haipatikani kwa swali "umezidisha dawa?" Hupatikana kwa kuomba maganda. Muuguzi aliyempokea aliagiza ndugu walete kila pakiti iliyokuwa pembeni ya kitanda, akahesabu matundu matupu, na ndipo pakiti tano za mafua zilipojitokeza. Kwenye maboksi jina linaweza kuwa parasetamoli, asetaminofeni, au herufi APAP. Zote ni dawa moja.

Matibabu

Dawa ya kuzuia sumu hii ni asetilisisteini, malighafi ambayo seli hutumia kujenga glutathioni upya. Inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, na huyu amechelewa mbali. Inaanzishwa hata hivyo, bila kusubiri majibu zaidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 1991 lilionyesha kwamba hata kwa wagonjwa ambao ini limekwisha kushindwa, wanaoipata huokoka zaidi kuliko wasioipata, pengine kwa sababu huboresha pia mzunguko wa damu na matumizi ya oksijeni.

Kwa mpango wa kawaida wa mshipani, mgonjwa wa kilo 58 alipata miligramu 150 kwa kilo kwa saa moja, sawa na gramu 8.7, kisha miligramu 50 kwa kilo kwa saa nne, gramu 2.9, kisha miligramu 100 kwa kilo kwa saa kumi na sita, gramu 5.8. Dripu ya kwanza ndiyo huleta wekundu wa uso, mwasho na wakati mwingine kubanwa kifua. Ikitokea, dripu husimamishwa kidogo, dawa ya mzio hutolewa, kisha huendelea polepole zaidi. Si sababu ya kuacha tiba. Baada ya saa 21 dripu ya mwisho ilirudiwa tena na tena, kwa kuwa kanuni kwa mgonjwa aliyekwisha umia si saa 21 bali ni pale INR inaposhuka chini ya 2 na AST inapoporomoka.

Kwa mnywaji kuna mambo mawili ya kando yanayosahaulika. Sukari yake ilikuwa chini na ini lake halina akiba, hivyo alihitaji glukosi. Lakini thiamini ilitolewa kwanza, kwani glukosi kwa mtu aliyepungukiwa na vitamini hiyo inaweza kuuumiza ubongo. La pili ni kutetemeka na kuchanganyikiwa. Siku ya tatu ya kukosa pombe, mtu anaweza kuchanganyikiwa kwa kuachishwa pombe au kwa ini kushindwa, au vyote. Mwenye kuachishwa pombe huhangaika, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio. Mwenye ini lililoshindwa husinzia, husema polepole, na ukimwambia anyooshe mikono na kukunja viganja kuelekea nyuma, viganja hupigapiga kama mbawa. Dawa ya kumtuliza wa kwanza inaweza kumzamisha wa pili, kwa hiyo hutolewa kidogo kidogo na mtu akimtazama.

Plazma ya kurekebisha INR haikutolewa, kwa kuwa hakuwa akitoka damu. INR ni dira ya ini. Ukiisahihisha kwa plazma unabaki bila dira.

Siku zilizofuata

Siku ya sita AST ilishuka hadi 5,100 na ndugu wakafurahi. Lakini INR ilipanda hadi 4.8. AST huisha nusu yake kwa kama saa 17 pale seli zinapoacha kufa, kwa hiyo kushuka kwake kunaeleza tu kwamba moto umezimika. Hakusemi nyumba imebaki kiasi gani. Seli zilizobaki zikiwa chache, AST hushuka vile vile kwa kukosa cha kumwaga. Ukiona AST inashuka huku INR ikipanda na fahamu ikififia, hiyo ni dalili mbaya, na ni saa ya kuzungumza na kituo cha kupandikiza ini. Vigezo vya Hospitali ya King's ya London vinavyotumika kwa parasetamoli ni pH ya damu, kipimo kinachoshuka asidi inapoongezeka, kuwa chini ya 7.3 baada ya kupewa maji ya kutosha, au vitatu kwa pamoja: INR juu ya 6.5, kreatinini juu ya 300, na kuchanganyikiwa kwa daraja la tatu au la nne. Mgonjwa wetu hakufika huko. pH yake ilikuwa 7.36, fahamu haikuzama zaidi ya uzito wa kufikiri.

Siku ya saba INR ilirudi 3.4, ya nane 2.3, ya tisa 1.7, na dripu ikafungwa. Kreatinini ilichukua wiki nzima zaidi kushuka, kama kawaida ya figo. Seli zilizokufa zilikuwa zaidi zile zinazozunguka mishipa ya kati ya ini, ambako CYP2E1 imejaa, na ini lina uwezo wa kuzijaza upya bila kovu kubwa. Kovu ambalo huenda pombe ilikwisha kuliacha kabla ya jino kuuma ni hesabu nyingine, na lilipaswa kutafutwa baadaye, vipimo vikishatulia.

Jino lenyewe lilikuwa bado lipo, tena likiuma. Halikuweza kung'olewa wiki ya kwanza kwa sababu tundu lingevuja damu. Lilingoja hadi INR ishuke chini ya 1.5. Ibuprofeni na wenzake hawakuwa njia ya kukwepa, kwa kuwa tumbo la mnywaji huvuja damu kwa urahisi na figo zake zilikuwa bado dhaifu. Katika siku za kwanza alitulizwa kwa dozi ndogo ya dawa ya jamii ya morfini chini ya uangalizi, na ganzi ya kienyeji ya fizi. Parasetamoli yenyewe ilirudishwa tu baada ya vipimo kukaa sawa, kwa kiwango ambacho madaktari wengi huwapa wanywaji wazito: gramu 2 kwa siku, yaani kidonge kimoja cha miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinne, kwa siku mbili au tatu, akiwa anakula. Muuguzi alimwandikia vidonge vinne kwenye bahasha ya kila siku, na pakiti za mafua zikabaki kwenye kabati la wodi.